Ribiti zinazobanduka kwenye mkono wa mkoba: kwanza pima mguu wake

*Shikamoo fundi. Natengeneza mikoba ya ngozi huku Igoma, Mwanza. Mkono naushika kwa ribiti mbili kila upande, zile za kofia, pakiti ya milimita 6. Ngozi ya mkono ina milimita 3 na nusu, ya mwili wa mkoba milimita 2. Wiki mbili tatu kofia zinabanduka. Nikahamia skrubu, nazo zikalegea, mteja mmoja mkoba umemwachia kwenye kivuko cha Kamanga, dagaa wote chini. Nipige kwa nguvu zaidi au kuna gundi? Na mikanda ya kiunoni niifungeje?*

Marahaba, binti yangu. Weka nyundo chini kwanza, na gundi usinunue. Tafuta moja ya zile ribiti zilizokuachia, ichungulie ncha ya mguu wake, ule upande uliokuwa umeingia kwenye kofia. Nina hakika utaikuta bado ya duara, imenyooka, kama ilivyotoka kwenye pakiti. Maana yake haikuwahi kushika kitu. Kofia ilikuwa imekaa juu yake kama kifuniko cha sufuria.

Ribiti ya kofia inashika kwa njia moja tu. Mguu wake ni mrija mtupu. Unapopiga, ncha ya mrija inagonga dari ya kofia kwa ndani, inakunjamana na kutanuka, haiwezi tena kurudi ilikopita. Ili ikunjamane inahitaji nyama ya kukunja, na hiyo ni kama milimita 3 zinazochomoza juu ya ngozi kabla hujaweka kofia. Sasa hesabu zako mwenyewe: mkono 3 na nusu, mwili 2, jumla 5 na nusu. Mguu wa milimita 6 unachomoza nusu milimita. Hata ungepiga kwa nyundo ya kuvunjia kokoto, hakuna cha kukunjamana. Kwa unene huo ulihitaji mguu wa 8, na ukiongeza kiraka cha ndani nitakachokueleza, mguu wa 10.

Usije ukaruka upande wa pili ukanunua za 12 kwa ajili ya kila kitu. Mguu ukizidi, badala ya kukunjamana ncha unapinda katikati, ndani ya ngozi ambako huoni. Dalili yake ni kofia iliyokaa mshazari, upande mmoja umezama kwenye ngozi na mwingine unaingiza ukucha. Ukiona hivyo ing'oe hapohapo. Mguu uliopinda unachezacheza kila mkoba unapobebwa, na unakata tundu taratibu. Mimi nilipoanza kazi niliuza mikoba ya namna hiyo nikijisifu kwamba ribiti imebana sana, mpaka iliporudi ikiwa na matundu marefu kama macho ya paka.

Ila kwa mkoba unaobeba dagaa, hata ribiti ya kofia yenye mguu sahihi nisingeitumia mkononi. Ni bati jembamba. Inafaa mfuko wa ndani, ala ya kisu, kishikio cha funguo, mahali ambapo mzigo ni mdogo. Mkono wa mkoba wa sokoni unavutwa, unatingishwa, unatundikwa kwenye mpini wa baiskeli, na unanyanyuliwa ghafla. Hapo weka ribiti ya shaba nyekundu, ile ya mguu mzima usio na tundu, inayokuja na washa yake. Mguu wa kipimo kinachofaa mkoba wako una unene wa karibu milimita 4.

Tuuchukue mkoba wako tuufunge upya, upande mmoja.

Kwanza kiraka. Ngozi ya mkono wako ni nene na haina shida, inayochanika ni ile ya mwili, yenye milimita 2. Ribiti mbili zinabeba mzigo wote kwenye vitundu viwili vya ngozi nyembamba. Kata kipande cha ngozi hiyohiyo ya milimita 2, upana sentimita 4 na urefu sentimita 6 au 7, pembe zake uziviringe, ukibandike kwa ndani kwa gundi ya viatu. Gundi hapa haibebi mzigo, inazuia kiraka kisihame wakati unatoboa. Sasa unene wako ni 3 na nusu, na 2, na 2, yaani milimita 7 na nusu.

Pili, mahali pa matundu. Watu wengi wanaziweka ribiti mbili sambamba, moja kushoto moja kulia, kwa sababu inapendeza. Mkanda wako nadhani una upana wa milimita 25, ndio upana wa mikono mingi. Ukitoboa matundu mawili ya milimita 4 kwenye mstari mmoja wa kukatisha, pale umebakiwa na ngozi ya milimita 17 tu, na tena imegawanyika vipande vitatu vyembamba. Zipange kwa kufuata urefu wa mkanda, moja juu ya nyingine, kila moja katikati ya upana. Hapo popote utakapopima umepoteza milimita 4 peke yake. Ribiti ya mwisho ikae angalau milimita 12 kutoka ncha ya mkanda, mimi huweka 15, na kati ya ribiti na ribiti acha milimita 20. Ukiisogeza karibu na ncha, ngozi inafunguka kama kifungo kilichochana kitambaa.

Tatu, tundu lenyewe. Naomba uache kutoboa kwa msumari wa moto, kama unafanya hivyo. Najua ni haraka na wengi wanafanya. Moto unaikausha ngozi kuzunguka tundu, inakuwa ngumu kama ganda la mkate, na ganda hilo likipindwa linapasuka. Kisu nacho kinaacha mpasuko wenye pembe mbili, na kila pembe ni mwanzo wa mchano. Tumia panchi ya duara yenye makali, juu ya gogo au ubao, tabaka zote tatu kwa pamoja ili matundu yasipishane. Kwa mguu wa milimita 4 toboa tundu la 4 au pungufu kidogo, mguu uingie kwa kusukumwa. Ukidondoka wenyewe, tundu ni kubwa.

Sasa ribiti inaingia, kichwa chake kikiwa upande wa ndani ya mkoba au wa nje, ni uamuzi wako. Mimi huweka kichwa nje kwa sababu ni laini, na washa ndani. Kilaze kichwa juu ya chuma kizito. Mimi natumia kipande cha reli, na kama huna, kichwa cha nyundo kubwa kilichobanwa kwenye jiliwa kinatosha. Ubao hautoshi, unanyonya pigo lote.

Washa ya ribiti hizi ina tundu dogo kwa makusudi, haishuki kwa kidole. Ndipo wengi wanapokasirika na kulipanua kwa msumari, na hapo wameiharibu kazi. Inatakiwa ibane. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutobolee ncha ya nondo fupi au bolti nene, tundu la kupita mguu kwa nafasi ndogo sana, kina kama milimita 15. Tundu likipwaya, linaikalia washa pembeni na kuikunja. Ukivika nondo hiyo juu ya mguu na kugonga, washa inashuka sawasawa pande zote. Sikiliza. Mapigo ya kwanza yana sauti nzito, iliyofifia, kama unagonga godoro. Tabaka zikikutana zote sauti inageuka, inakuwa kavu. Hapo simama. Ukiendelea, washa inazama na kuikata ngozi.

Mguu sasa umechomoza juu ya washa. Ukate kwa plaisi ya kukatia, ubakize milimita 2. Jaribu kwenye kipande cha taka kabla ya mkoba: ukibakiza 4 utapinda, ukibakiza 1 hakuna kichwa kitakachotokea. Kwa unene wako wa 7 na nusu, pamoja na washa ya karibu milimita 1 na hizo 2 za juu, unahitaji mguu wa kati ya 10 na 11, kwa hiyo nunua wa 12 au zaidi ukate. Ubaki wa kukata si hasara, afadhali huo kuliko mguu pungufu.

Kisha nyundo, ile yenye kichwa cha mviringo upande mmoja. Hapa ndipo swali lako la nguvu linapata jibu. Usipige pigo moja kubwa katikati. Gonga mapigo madogo mengi ukizunguka ukingo, mpaka ncha itanuke na kuwa kama uyoga mdogo ulioikalia washa. Shaba nyekundu ni laini, lakini kila pigo linaigumisha. Ukiona nyufa ndogo ukingoni mwa uyoga, umeipiga kupita kiasi, au shaba ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Dawa yake ni kuipasha ribiti moto kabla ya kazi, kabla haijaingia kwenye ngozi bila shaka, mpaka iwe nyekundu iliyofifia, kisha uitumbukize majini. Chuma ukikifanyia hivyo kinaweza kugumuka, shaba inalainika.

Duka ukilikosa, ribiti hizi unajitengenezea kwa waya wa shaba usio na nyuzi, unene wa milimita 3. Mafundi bati wa Makoroboi wanajua kazi ya namna hii, ukikwama waulize. Toboa bamba la chuma tundu la milimita 3, pitisha waya ulioulainisha, uchomoze milimita 4 na nusu, yaani mara moja na nusu ya unene wake, na waya ushikwe kwa nguvu chini ya bamba ili usirudi nyuma. Gonga kingo kwa kuzunguka mpaka kichwa kitokee. Washa nazo kata kwenye bamba la shaba, panchi tundu kwanza, ndipo ukate duara. Ukianza na duara, washa itakuponyoka kila unapoitoboa.

Jambo la ngozi zetu nisilisahau. Mkanda wa mkono ukatwe kwenye mgongo wa ngozi, ukifuata uti wa mgongo kwa urefu. Ngozi ya tumbo inanyooka, mkono unarefuka mwezi wa kwanza na matundu yanarefuka nayo. Jaribio ni rahisi: shika ncha mbili za kipande, vuta kwa nguvu zote, pima kwa rula kabla na baada. Na ng'ombe wetu wa huku wengi wana chapa ya moto pajani au begani. Pale kwenye kovu la chapa ngozi ni ngumu isiyopinda. Ukiweka ribiti juu ya kovu, tundu linaweza kupasuka. Kwa mapambo kovu la chapa ni zuri kweli, mimi huliacha katikati ya mwili wa mkoba lionekane, lakini si penye kubeba.

Ribiti za chuma zilizopakwa rangi ya fedha ziepuke, hasa kwa ngozi iliyoiva kwa magome ya miwati au mti mwingine wowote. Rangi ya juu ikikwaruzika, na wateja wako wanashinda kwenye maji ya ziwa na barafu ya samaki, chuma kinakutana na dawa ya magome na kutoa pete nyeusi kama wino kuzunguka ribiti. Haisafishiki. Niliwahi kumfanyia mtu mkanda wa kiunoni kwa ribiti hizo, ndani ya mvua za vuli ukawa na madoa saba, na shati lake jeupe likawa na matatu. Shaba nyekundu na shaba njano hazina ugomvi huo.

Tuje kwenye skrubu, maana najua bado zinakuuma. Zile za jozi, ya kike yenye uzi ndani ya mrija na ya kiume inayoingia, hazina kosa. Ni mahali pake tu. Zinafaa pale unapotaka kufungua tena, na mahali hapo ni mkanda wa kiunoni, penye bizimu. Mteja anabadilisha bizimu bila kurudi kwako. Mkono wa mkoba unatingishwa huku na huku kutwa, na kila mtikisiko unaisokota skrubu kidogo. Ndiyo maana ilimwachia yule mama kivukoni.

Kwa mkanda wa kiunoni, chukua ngozi ya mgongo ya milimita 3 na nusu, upana 35 au 38 kutegemea bizimu. Ncha inayokunjwa kuzunguka bizimu ipunguze unene kwa ndani kwa kisu cha ngozi, tabaka mbili zikilaliana zifike milimita 6 badala ya 7. Tundu la ulimi wa bizimu liwe refu, na lisiwe mpasuko wa kisu: piga panchi mbili za duara, umbali wa milimita 20 hivi, halafu ukate mistari miwili kuziunganisha. Skrubu mbili, moja karibu na bizimu iwezekanavyo bila kuizuia kucheza, ya pili milimita 25 nyuma yake. Hizi nazo zifuatanishe kwa urefu wa mkanda, kwa sababu ileile ya mkono wa mkoba.

Mrija wa kike uwe mfupi kuliko ngozi kwa nusu milimita hadi moja. Kwa milimita 6 nunua wa 5. Ukiwa mrefu kuliko ngozi, skrubu inakaza chuma kwa chuma, wewe unadhani imekaza, lakini ngozi katikati iko huru inazunguka. Hiyo ndiyo hali ya skrubu zako, nadhani, kwa sababu ngozi ya 5 na nusu ikikandamizwa inashuka kwenye 5, na mirija inayopatikana kwa urahisi madukani mara nyingi ni ya 6 au zaidi. Kama umeshazinunua usizitupe: kata kiwasha cha ngozi cha milimita 1 na nusu, kitoboe, ukivalishe kwa ndani chini ya kichwa.

Tundu la mrija litoboe kwa unene wa mrija wenyewe, milimita 5 mara nyingi. Likiwa 6, mrija utazunguka pamoja na bisibisi na hutakaza kamwe. Kaza, uuache mkanda siku tatu uvaliwe au ukae umekunjwa, kwa kuwa ngozi mpya chini ya skrubu inakandamizika na kushuka. Kaza tena. Mara hii ya pili fungua kabisa, pakaza rangi ya kucha kwenye uzi wa dume, rudisha na ukaze. Rangi ikikauka inaushika uzi usirudi nyuma, na ukitaka kufungua, bisibisi na mkono wa kawaida vinaivunja. Kuna gundi maalumu za nati kwa mafundi pikipiki, nazo zinafaa, ila omba ile isiyo kali. Ile kali itakulazimu kupasha moto, na ngozi itaungua kabla skrubu haijafunguka.

Utaambiwa pia utumie ribiti za bunduki, za alumini, zinazotumika kwenye bati. Kwa mkono wa mkoba, hapana. Zimetengenezwa kutanuka nyuma ya bati gumu, kwenye ngozi zinatanuka ndani ya nyama yenyewe na kuitafuna. Ikibidi kabisa, kwa dharura safarini, weka washa ya chuma nyuma yake.

Kabla hujampa mteja mkoba wa kwanza wa namna hii, utundike kwenye msumari mnene au tawi, ndani yake weka ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, hiyo ni kilo 20 na uzito wa ndoo. Kabla ya kutundika chora kwa kalamu mstari mwembamba kwenye ngozi kuzunguka ukingo wa kila kichwa cha ribiti. Uache usiku kucha. Asubuhi shika mkono unyanyue kwa kushtua mara kumi, halafu tazama mistari yako. Ikiwa bado inagusa ukingo pande zote, uza. Ukiona upenyo upande wa juu wa ribiti, kati ya kichwa na mstari, tundu limeanza kurefuka. Tazama ngozi ya mkono: ama tundu liko karibu mno na ncha, ama mkanda umekatwa kwenye ngozi ya tumbo.

Mkoba wa yule mama wa Kamanga urudishe uufunge upya hivyohivyo. Matundu ya zamani usiyatumie, yameshapanuka. Kata sentimita 3 za ncha ya mkono, toboa pengine, na matundu ya mwilini yafunike kwa kiraka kingine cha nje. Ukikikata umbo la samaki hatajua kama ni kiraka.